Sweta Katika Jua la Kisumu: Kolesteroli Isiyotoka Sahanini

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi mbele ya walimu wastaafu hapa Kisumu. Waliokosa kufika waliomba waisome yote, basi nimeiandika jinsi nilivyoisema, pamoja na maswali mawili ya mwisho.

Walimu wangu, hamjambo? Hamjambo tena?

Nawaita walimu wangu kwa sababu mimi nimekaa kwenye madawati yenu. Leo mmenipa chaki, nami nitaanza kwa kukiri kosa nililolifanya kliniki, kwa maana kosa hilo ndilo lililonifundisha ninachotaka kuwaambia.

Alikuja kwangu mama wa miaka 58. Anauza mitumba sokoni Kibuye, na Jumapili huimba kwaya kanisani kwao. Alikuwa amepimwa kolesteroli kwenye kambi ya matibabu ya bure, akaletewa karatasi imeandikwa 8.4. Kwa wengi wetu, jumla ya kolesteroli tunataka iwe chini ya 5.2. Ile mbaya, ile ya LDL inayoganda kwenye kuta za mishipa, yake ilikuwa 6.1. Mama alikuwa na hofu, nami nikaona niko na kazi rahisi.

Nikamuuliza anakula nini. Akaniambia: ugali, sukuma wiki, omena, mara moja moja ngege wa kukaanga, chai ya maziwa asubuhi na jioni. Nikamwambia apunguze mafuta ya kukaangia, aache mayai, atembee. Nikamwandikia dawa ya kushusha kolesteroli, atovastatini miligramu 20. Nikamwambia arudi baada ya miezi mitatu.

Alirudi. Mayai ameacha. Ngege sasa anamchemsha. Kolesteroli imeshuka kidogo sana, 7.6. Nikafanya nini? Nikafanya kile ambacho wengi wetu hufanya: nikamtazama kama mtu anayenificha kitu. Nikamuuliza, "Mama, kweli umeacha mafuta?" Akasema ameacha. Nikaongeza dawa kutoka 20 hadi 40.

Wiki tano baadaye aliletwa na binti yake. Kuinuka kutoka kitini ilikuwa lazima ashike meza. Mapaja yanauma, mabega yanauma, kuinua bunda la nguo hawezi. Mimi nimeshika kalamu, ninaandika "maumivu ya misuli kwa sababu ya dawa," na pale pale nikainua macho nikamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza.

Walimu wangu, ilikuwa saa saba mchana. Mnajua Kisumu ya saa saba mchana mwezi wa Februari. Mimi shati limenigandia mgongoni. Na mama huyu amevaa sweta. Sweta ya sufu, vifungo vyote vimefungwa, na shingoni skafu.

Nikamuuliza, "Mama, husikii joto?" Akanijibu kwa sauti nzito, ya kukwaruza, "Daktari, mimi siku hizi ni baridi tu." Binti akaongeza kwamba kwaya wamemtoa sauti ya kwanza wamempeleka ya tatu, maana sauti yake imekuwa kama ya mwanamume. Tena haendi choo siku nne, tano. Tena analala kwenye kibanda mchana, wateja wanamwamsha.

Nikamwomba atoe skafu. Chini yake kulikuwa na kovu, jembamba, limepita shingoni kutoka upande huu hadi huu kama mkufu. Alikuwa amepasuliwa rovu, goita kama tunavyoiita, mwaka 1996. Hakuna aliyemuuliza. Mimi sikumuuliza. Yeye hakuona kwa nini aseme. Uvimbe ulitolewa, ukaisha, kuna uhusiano gani na mafuta ya damu?

Kuna uhusiano gani? Hilo ndilo swali la leo.

Wengi wetu tunafikiri kolesteroli huingia mwilini kwa mdomo, kama ambavyo mafuta huingia kwenye sufuria. Kiasi fulani huingia hivyo, ndiyo. Lakini sehemu kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini ndilo karakana kuu. Mwili unaihitaji: kuta za seli zetu zimejengwa kwayo, homoni nyingi zinatokana nayo, nyongo inatokana nayo. Kwa hiyo kiwango kinachosomwa kwenye karatasi si kipimo cha ulichokula jana. Ni hesabu ya mambo mawili: kiasi gani kinaingia kwenye damu, na kiasi gani kinaondolewa. Ukiziba mtaro wa kuondoa, maji yatapanda hata kama mvua ni ile ile.

Ini huondoaje? Juu ya seli zake kuna vishikio, kama mikono midogo, ambavyo hudaka chembe za LDL zinapopita kwenye damu na kuziingiza ndani. Waliogundua vishikio hivi ni Brown na Goldstein, wanasayansi wawili wa Dallas kule Texas, na mwaka 1985 walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo. Mwenye vishikio vingi, damu yake husafishwa upesi. Mwenye vichache, LDL huzunguka na kuzunguka.

Sasa, nani anayeliambia ini litengeneze vishikio? Mmoja wa wasemaji wakubwa ni homoni ya tezi ya thairoidi, hii tezi iliyokaa hapa mbele ya koo kama kipepeo. Homoni hiyo ikipungua, amri inapungua, vishikio vinapungua. Tena homoni hiyo hiyo ndiyo inayolisukuma ini kugeuza kolesteroli kuwa nyongo na kuitoa kupitia utumbo. Ikilegea, na njia hiyo ya pili inasinzia. Mama yule angeweza kula majani matupu mwaka mzima. Mtaro wake ulikuwa umeziba, na mimi nilikuwa nikimlaumu kwa mvua.

Nikampima TSH. Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu hiki ndicho kipimo kinachochanganya watu, hata waliosoma. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi. Ninyi mnalijua hili kuliko mimi: darasa likisikia, mwalimu husema kwa sauti ya chini. Darasa lisiposikia, mwalimu hupaza sauti. TSH ni sauti ya mwalimu. Ikiwa juu, maana yake tezi ya shingo haisikii, imelegea. Juu kwenye karatasi ni chini kwenye tezi. Mtu akiona TSH imepanda akadhani tezi inafanya kazi kupita kiasi, amesoma kinyume.

Kawaida ni takriban 0.4 hadi 4. Ya mama ilikuwa 68.

Sitini na nane, walimu wangu. Mwalimu alikuwa anapiga kelele hadi koo linakauka, na darasa zima limelala. Homoni yenyewe, ile T4, ilikuwa chini kabisa. Kipande cha tezi kilichoachwa wakati wa upasuaji kilimbeba miaka mingi, kisha polepole kikachoka. Ndivyo inavyotokea kwa wengi waliopasuliwa rovu, na ndiyo sababu kovu la shingoni ni swali la maisha yote. Si wao pekee. Wapo ambao kinga ya mwili yenyewe huishambulia tezi, kidogo kidogo, bila uvimbe wowote wa kuonekana. Hawa ni wengi, na wanawake ni wengi zaidi kuliko wanaume.

Na misuli je? Hapa ndipo kosa langu lilipokaribia kumuumiza vibaya. Misuli ya mtu ambaye tezi yake imelegea tayari ni dhaifu. Kipimo cha uharibifu wa misuli kinaweza kupanda hata kabla hajameza kidonge. Ukimpa statini, yaani dawa za jamii ya ile atovastatini, juu ya hapo, hatari ya misuli kuumia inaongezeka, na kwa wachache misuli huvunjika hadi mabaki yake yanaziba figo, mkojo unakuwa rangi ya chai ya rangi. Mimi nilipoona dawa haifanyi kazi, niliongeza. Ndiyo maana ninasema leo, na nitasema tena kesho: kolesteroli ikiwa juu, TSH ipimwe kabla ya kuanza dawa. Kabla, jamani. Kabla.

Nikasimamisha atovastatini. Na hapa nisieleweke vibaya. Kuna mtu ameketi hapa ambaye amewahi kupata kiharusi, au moyo ulimshika, au ana sukari. Wewe statini yako inakulinda. Usiende nyumbani ukaitupa kwa sababu ya hotuba yangu. Hata kama tezi yako imelegea, daktari wako anaweza kuamua uendelee nayo kwa kipimo cha chini huku tezi inatibiwa. Mama huyu hakuwa na hayo, na misuli yake ilikuwa inalia, kwa hiyo kwake kusimamisha kulikuwa sawa.

Dawa ya tezi iliyolegea ni homoni ile ile, kwenye kidonge: levothairoksini. Mwaka 1891, kule Newcastle Uingereza, daktari George Murray alimdunga mama mmoja maji ya tezi ya kondoo, na mama aliyekuwa anafifia akainuka, akaishi miaka 28 zaidi. Sisi tuna kidonge kidogo kinachomezwa mara moja kwa siku. Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji karibu maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Lakini kwa mzee, au mwenye moyo dhaifu, hatuanzi hapo. Moyo uliozoea kutembea ukiamrishwa ghafla ukimbie unaweza kushtuka. Tunaanza na maikrogramu 25 au 50, tukapanda taratibu. Mama alianza na 50.

Baada ya wiki sita nikapima TSH. Kwa nini sita? Kwa sababu kidonge hiki huchukua karibu wiki nzima kupungua nusu mwilini, na mwili huchukua wiki kadhaa kutulia kwenye kiwango kipya. Ukipima baada ya siku kumi unapima vumbi lililo hewani. Nilitarajia ishuke vizuri. Ikawa 61.

Safari hii sikuongeza dawa. Nilikuwa nimejifunza. Nikamwambia, "Mama, nieleze asubuhi yako, tangu unapofungua macho." Akaniambia: naamka saa kumi na moja, napika chai ya maziwa, nakunywa nikimeza dawa zangu zote pamoja, kile cha tezi na kile chekundu cha kuongeza damu, halafu nakimbilia matatu.

Mmeona? Kidonge cha madini ya chuma hukikamata kile cha tezi tumboni, vyote viwili vinapita hadi chooni. Kalsiamu hufanya hivyo hivyo, na dawa nyingine za kiungulia pia. Chai na maziwa hupunguza kinachoingia mwilini. Alikuwa anameza dawa kwa uaminifu kila siku, na mwilini ilikuwa inaingia kidogo tu.

Tukabadilisha asubuhi yake. Kidonge cha tezi na maji matupu, mara tu anapoamka, kabla ya kuwasha jiko. Chai baada ya saa moja, akiwa amekwisha kuoga na kujiandaa. Kile chekundu kikahamia usiku, maana kinatakiwa kiachane na cha tezi kwa saa nne angalau. Wiki sita nyingine, TSH 19. Tukapanda 75, kisha 100. Mwezi wa saba wa matibabu TSH ikawa 2.8. Na kolesteroli? Kwanza niwaambie, sikuipima katikati, na ninawashauri msikimbilie kuipima. Hufuata tezi kwa kuchelewa. Ingojeni TSH itulie kwanza. Tulipoipima ilikuwa 5.1. Kutoka 8.4 hadi 5.1, na hakuna dawa ya kolesteroli hata moja aliyokuwa akimeza. Mayai nilimrudishia kwa mdomo wangu mwenyewe, na nikamwomba msamaha.

Sasa tuiache shingo, tushuke kiunoni. Figo.

Huyu wa pili alikuwa binti wa miaka 24, alisafirishwa na mamake kutoka Nakuru. Kila asubuhi akiamka macho yamevimba, amefura kama aliyelia usiku kucha. Jioni uso unashuka, miguu inafura; soksi zinamwachia alama ya kamba. Walidhani ni mzio. Mtu akampima kolesteroli, ikawa 11. Kumi na moja, kwa msichana mwembamba. Akapewa orodha ya vyakula vya kuacha.

Nilimuuliza swali moja ambalo watu huona aibu kulijibu: mkojo wako una povu? Akacheka kidogo, kisha akasema, "Kama omo." Povu ambalo hata baada ya dakika kadhaa bado limekaa.

Nikachovya kijiti cha karatasi kwenye mkojo. Kijiti hicho ni cha bei ndogo, hata zahanati ya kijijini inacho, na jibu hupatikana kwa dakika moja. Kisanduku cha protini kilibadilika rangi hadi mwisho: alama tatu za kujumlisha. Figo ni chujio. Chujio zima huzuia protini isitoke. Mtu mwenye afya hupoteza chini ya gramu 0.15 kwa siku. Chujio likitoboka, zinamwagika zaidi ya gramu 3.5, na ya kwanza kukimbia ni albumini, ile protini inayoshikilia maji yabaki ndani ya mishipa. Albumini ikishuka, maji yanatoka nje ya mishipa, mtu anafura.

Na kolesteroli inaingiaje hapo? Ini linaona damu imekuwa maskini wa protini, linafanya kazi usiku na mchana kutengeneza nyingine, na humo humo linatoa pia protini zinazobeba mafuta. Wakati huo huo vile vishikio vya kudaka LDL vinapungua. Kwa hiyo kinachoingia kimeongezeka na kinachotoka kimepungua, vyote kwa pamoja. Ndiyo maana namba za watu hawa hupanda kwa kiwango ambacho chakula peke yake hakiwezi.

Chujio la binti huyu lilitobolewa na nini? Sukari, hakuna. Virusi vya ini, hakuna. Ukimwi, hakuna. Lupasi, ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, hakuna. Nikamwangalia uso na mikono: uso mweupe, vifundo vya vidole vyeusi. Alikuwa anapaka krimu ya kung'arisha ngozi, kopo lisilo na maandishi yanayoeleweka, miezi minane. Alikuwa anajitayarisha kwa harusi.

Krimu nyingi za aina hiyo zina zebaki. Zebaki hupita kwenye ngozi, huingia kwenye damu, hufika kwenye figo. Hili si jambo geni nchini mwetu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa wazima wenye ugonjwa huu huu wa figo kuvuja protini, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Elfu moja mia tisa sabini na mbili! Baadhi yenu mlikuwa chuoni mkisomea ualimu. Na krimu bado ziko sokoni. Inaniuma kusema hivyo mbele yenu, lakini ndivyo ilivyo.

Binti aliacha krimu. Akapewa dawa ya kupunguza maji na ya kulinda figo. Ilichukua miezi, si wiki. Protini ilipungua alama moja baada ya nyingine, na kolesteroli ikashuka nayo bega kwa bega hadi 5.4. Si kila mtu hupona hivyo. Figo zilizoharibiwa na sukari kwa miaka mingi hazirudi nyuma namna hiyo, na hao huhitaji statini kabisa, kwa sababu mwenye ugonjwa wa figo wa kudumu yuko kwenye hatari ya moyo. Lakini lazima ujue unatibu nini. Na povu peke yake halitoshi kuhukumu. Mwanamume akikojoa kwa nguvu kwenye choo chenye sabuni ataona povu. Kijiti ndicho shahidi.

La tatu nitalipitia haraka, maana naona chakula kinaingia. Dawa.

Mzee mmoja, mvuvi mstaafu wa Dunga, magoti yalikuwa yanamtesa. Akauziwa unga kwenye vikaratasi, "dawa ya mitishamba." Siku ya pili maumivu yamekwisha, anatembea kama kijana. Walimu wangu, mitishamba inayomaliza maumivu ya magoti ya miaka kumi kwa siku mbili, mwiulize vizuri. Ndani ya miezi sita uso umekuwa mviringo kama mwezi, tumbo limetoka, mikono na miguu imekonda, ngozi ikiguswa inafanya doa jekundu. Sukari imepanda. Na kolesteroli, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa 4.9, sasa ni 7.

Ule unga ulikuwa na steroidi. Ni jamii ya prednisoloni na deksamethasoni, dawa nzuri sana mahali pake, zinazookoa wenye pumu na lupasi. Zikitumika muda mrefu huongeza mafuta kwenye damu na sukari. Vidonge vya kunenepesha wanavyouziwa wasichana mara nyingi ni deksamethasoni hiyo hiyo. Lakini msikie onyo la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza: aliyetumia steroidi kwa miezi asiziache ghafla. Tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza steroidi ya mwili, zimelala. Ukikata ghafla, mtu anaweza kuanguka kwa presha ya chini na kufa. Mzee tulimbadilishia prednisoloni ya kipimo kinachojulikana, tukapunguza kwa wiki nyingi hadi tezi zake zikaamka.

Ziko nyingine. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kama olanzapini, hupandisha mafuta ya damu. Miongoni mwa dawa za virusi vya ukimwi, lopinaviri pamoja na ritonaviri hupandisha. Dolutegraviri inayotumiwa na wengi sasa haina tatizo hilo kwa kiasi hicho. Anayetumia ritonaviri asiandikiwe simvastatini kamwe, kwa sababu ritonaviri huizuia isivunjwe, inajaa mwilini na misuli inaharibika. Kwa hiyo ukienda kupimwa kolesteroli, beba mfuko wenye kila unachomeza na kila unachopaka, pamoja na kile ambacho unaona aibu kukionyesha. Na dawa ambayo daktari amekuandikia usiiache wewe mwenyewe. Mwambie unachoshuku, mwache apime kama kuna mbadala.

Je, kila kolesteroli ya juu ina sababu iliyojificha? Hapana. Hapo pia nimekwisha kukosea. Baada ya yule mama wa sweta nilianza kuona tezi kila mahali. Akaja mwalimu kutoka upande wa Maseno, kolesteroli 8.1, TSH 6.2. Nikafurahi: nimempata mwizi! Lakini TSH ya 6 na T4 ya kawaida haipandishi kolesteroli hadi 8. Inaweza kusogeza kidogo, basi. Nilipomuuliza habari za nyumbani, kaka yake alikufa kwa moyo akiwa na miaka 44, na baba yake vivyo hivyo mapema. Hiyo ni ya kurithi; vishikio vya ini vyenyewe vimezaliwa na hitilafu. Huyo anahitaji statini maisha yake yote, na watoto wake wanahitaji kupimwa. Ningemtibu tezi peke yake ningempotezea miaka.

Dalili moja hunisaidia kuliko nyingine zote kuwatofautisha. Ya kurithi iko juu tangu ujana. Yenye sababu iliyojificha hupanda: mwaka juzi ilikuwa 4.9, leo ni 7 na chakula ni kile kile. Lakini nitajuaje kama karatasi ya mwaka juzi ulifungia njugu?

Mwalimu mmoja wa kike aliinua mkono. Akauliza: basi niombe vipimo gani, maana pensheni ni ileile? Nilimjibu hivi. Kijiti cha mkojo, kwanza, maana ni rahisi. Sukari. Kreatinini ya figo na kipimo cha ini, ambavyo huenda unafanyiwa tayari kwa sababu ya presha. Kisha TSH, ambayo ndiyo ya gharama zaidi hapo. Ukiwa umebana kiuchumi na huwezi kupima homoni zote za tezi, anza na TSH peke yake, ikitoka ya kawaida kwa kawaida hakuna haja ya zile nyingine.

Mwingine, mzee aliyeketi karibu na mlango, akauliza: yule mama alipofika 5.1, aliacha kile kidonge?

Aliacha, mwalimu. Desemba alikwenda ushago kwa Krismasi, akaacha kopo Kisumu, akasema moyoni kwamba amekwisha kupona. Akakaa wiki saba. Aliporudi TSH ilikuwa 44 na kolesteroli 7.2, na alikuwa amevaa ile sweta. Tezi yake haifanyi kazi tena. Kidonge kile ndicho tezi yake. Sasa ana makopo mawili, moja mjini na moja nyumbani kwa mamake.